Presha ya Mama na kopo la chumvi: shajara ya nyumba moja Lamu

Naandika haya kwa ajili ya wenye mzazi wa presha nyumbani na wangependa kufanya kama tulivyofanya. Mama ana miaka 61 na ameanza kidonge cha amlodipini cha miligramu 5 miaka miwili iliyopita. Nyumbani kwetu, mtaa wa Langoni, tunakula watu watano: Mama, mimi, kaka yangu, wifi yangu na mtoto wao wa miaka kumi na saba. Anayepika sana ni wifi.

7 Aprili 2025: namba ya kliniki

Leo kliniki imetoka 168 kwa 96. Daktari alitaka kuongeza kidonge cha pili, kisha akasita. Alimuuliza Mama kama anameza kidonge kila siku (anameza, nakihesabu mwenyewe), na kama anatumia dawa za maumivu, maana baadhi yake hupandisha presha (hatumii). Akasema: "Nileteeni namba za nyumbani za wiki moja kwanza, halafu mniambie chumvi mnayokula." Mradi umeanzia hapo.

Namba zenyewe nizieleze mara moja. Ya juu ni nguvu ya damu ikisukuma kuta za mishipa moyo unapojikaza. Ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapolegea kabla ya pigo lingine. Zote hupimwa kwa milimita za zebaki. Kliniki huita presha ya juu kuanzia 140 kwa 90, ikionekana zaidi ya siku moja. Moja kati ya namba hizo mbili ikifika, inatosha. Nyumbani mpaka ni mdogo zaidi, wastani wa 135 kwa 85, kwa sababu mtu akiwa kwake ametulia, na kliniki mioyo mingi huenda mbio.

Mama hasikii lolote. Hana kichwa kuuma wala kizunguzungu, na hilo ndilo linalomfanya aone namba zinamsingizia. Nesi alimjibu kwa upole: "Mama, presha haipigi hodi." Akatuandikia kwenye kadi: ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, upande mmoja wa mwili kulegea, ulimi kuwa mzito au macho kufifia ghafla, twende hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Ikifika hapo bila dalili yoyote, akae atulie dakika tano, apimwe tena, na ikibaki juu tupige simu kliniki siku hiyo hiyo.

9 Aprili: mashine, na namba zisizoaminika

Nimenunua mashine ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono, kwa shilingi 3,800. Za kifundo ni rahisi kubeba lakini hukosea zaidi.

Vipimo vya kwanza vilikuwa 171, kisha 158, kisha 182, ndani ya robo saa. Nilidhani mashine ni mbovu na nikafunga sanduku nirudishe. Kabla ya kwenda nikakaa nikatazama tulivyokuwa tukifanya. Mama alikuwa ametoka kupanda ngazi ya juu, ambako huanika nguo. Alikuwa akizungumza na jirani dirishani wakati mkanda unavimba. Mkono ulining'inia pembeni ya kiti. Na mkanda ulifungwa juu ya mkono wa dira nene.

Kila kimoja kati ya hivyo hupandisha namba. Jioni tulijaribu suala la mkono peke yake, Mama amekaa kimya, mkanda ule ule: mkono ukiwa mezani, usawa wa moyo, ikatoka 157. Ukining'inia, ikatoka 168. Hii si bahati mbaya. Kila sentimita kumi ambazo mkanda unashuka chini ya moyo, namba hupanda kama 7 au 8, kwa uzito wa damu yenyewe tu.

11 Aprili: mkanda mdogo

Kosa kubwa kuliko yote nimeligundua kwa futi ya fundi wa nguo. Katikati ya bega na kiwiko, mkono wa Mama una sentimita 36. Mkanda uliokuja na mashine umeandikwa 22–32. Mkanda mfupi kuliko mkono hubana zaidi ndipo uzuie damu, na mashine huhesabu nguvu hiyo kama presha. Nimeagiza mkanda mkubwa wa 32–42 kwa shilingi 1,200, ukafika leo kwa boti ya Mokowe. Kwa Mama tofauti ni kama pointi tisa, kwa mkono ule ule na kiti kile kile.

Pima mkono kabla ya kununua mashine. Ningelijua hilo, ningeichagua yenye mkanda mkubwa tangu mwanzo na zile 1,200 zingebaki mfukoni.

Utaratibu wetu sasa ni huu: asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya chai na kidonge, na jioni baada ya Magharibi. Hakuna kahawa nusu saa kabla. Anakaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu miwili chini bila kupishana, mkono wazi juu ya meza, mto mdogo chini yake. Vipimo viwili, dakika moja katikati. Vyote viwili vinaandikwa.

15 Aprili: daftari lililosafishwa

Wiki ya vipimo tuliianza tarehe 12. Leo nilifungua kumbukumbu ya mashine nilinganishe na daftari, nikakuta mashine ina vipimo vingi kuliko daftari. Mama alikuwa akipima mara tatu au nne na kuandika ile iliyompendeza. Sikumkasirikia. Alisema, "Mwanangu, sikutaka daktari aniongezee dawa," na hofu hiyo naielewa.

Lakini daftari la namba zilizochaguliwa ni hatari, kwa sababu daktari atampa dawa ya mtu asiyekuwepo. Tumekubaliana kwamba viwili vya kwanza ndivyo vinavyoandikwa, viwe vibaya viwe vizuri, na mimi nitasoma kutoka kwenye kumbukumbu. Zile zilizokosekana nimezirudisha kutoka humo humo, kwa hiyo wiki haikuharibika.

19 Aprili: wastani

Siku saba zimekwisha. Siku ya kwanza tumeitupa, kwa kuwa siku hiyo mtu hajazoea mkanda na namba huwa juu. Zimebaki siku sita zenye vipimo vinne kila moja, yaani 24. Nimejumlisha namba zote za juu nikagawa kwa 24, halafu za chini vivyo hivyo. Wastani ni 151 kwa 90.

Kwa hiyo ile 168 ya kliniki ilizidisha, lakini presha ya juu ipo kweli, na ipo licha ya kidonge anachomeza. Katika namba za juu za vipimo hivyo 24, kubwa kabisa ilikuwa 164 na ndogo kabisa 139. Mtu akishika moja tu kati ya hizo, anaweza kujidanganya upande wowote.

24 Aprili: kliniki, mara ya pili

Nilibeba mashine yetu wakailinganisha na yao kwa mkono ule ule. Zilipishana kwa pointi tatu, inatosha. Daktari ametupa muda hadi Julai. Kidonge kibaki kile kile, tupunguze chumvi, tupime wiki nyingine, ndipo aamue. Lengo ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa mtu mzima kwa siku, ndiyo kipimo cha Shirika la Afya Duniani, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hicho ni pamoja na chumvi ya mkate, ya achari na ya kila kitu.

Sababu ya chumvi kupandisha presha ni kwamba huvuta maji. Figo zisipoitoa upesi, maji hubaki ndani ya damu, damu inakuwa nyingi kwa mishipa ile ile, na kuta zinasukumwa zaidi.

4 Mei: kopo la kwanza, hesabu mbovu

Hakuna mtu anayejua anakula chumvi kiasi gani. Tulipoulizana mezani, kila mmoja alisema "kidogo". Nikaona njia rahisi ni kufungua pakiti mpya ya gramu 500, kuandika tarehe, na kungoja iishe. Ilifunguliwa 23 Aprili, ikaisha jana, siku kumi na moja. Gramu 500 kwa siku 11 kwa watu 5 ni kama gramu 9 kwa kila mtu kwa siku.

Niliogopa, kisha wifi akanionyesha kosa. Chumvi ile ile ndiyo anayosugulia samaki wakati wa kuosha, kutoa utelezi na shombo, na yote hiyo huenda na maji. Siku ya changu wakubwa alichota konzi nzima. Hesabu yangu ilihesabu chumvi ya shimo la maji machafu kama chumvi ya tumboni.

Suluhisho ni makopo mawili. La samaki lina kifuniko cha buluu, la kupikia na mezani ni lile la zamani la bati. Nimenunua pia mizani ya jikoni ya shilingi 900, ili nisingoje pakiti iishe. Kila asubuhi naliweka kopo la bati juu ya mizani na kuandika.

18 Mei: kopo la pili, na kilichojificha

Pakiti ya kupikia tu imechukua siku 14, karibu gramu 36 kwa siku, yaani gramu 7 na kitu kwa mtu. Hiyo ndiyo tuliyoiona ikiingia sufuriani. Juu yake kuna ambayo haipiti kwenye kopo. Vidonge vya supu viwili kwa siku, vya gramu nne kila kimoja, na karibu nusu yake au zaidi ni chumvi, kwa hiyo karibu gramu moja tena kwa kila mtu. Halafu mkate wa dukani, achari ya maembe, na ng'onda mara tatu kwa wiki.

Nilisimama jikoni siku mbili nikitazama tu, bila kusema. Nikaona mambo mawili. Wali wa nazi ulitiwa chumvi mara mbili, wifi alitia kwenye tui la pili, na Mama alipopita akaonja, akatia tena kwenye tui la kwanza. Hakuna aliyemwambia mwenzake. La pili ni maji ya ng'onda. Wifi aliilowesha vizuri usiku kucha, lakini asubuhi maji yale yale aliyamimina kwenye mchuzi kwa sababu yana ladha. Yana ladha kwa kuwa chumvi ya samaki imehamia humo.

22 Mei: tulikata kwa panga, ikashindikana

Tarehe 18 nilitangaza gramu 15 kwa siku kwa nyumba nzima. Nilijiona jasiri. Siku ya kwanza Mama alisukuma sahani na kusema, "Huu mchuzi au mai?" Kaka akaleta kidude cha chumvi cha mezani alichokuwa amekiweka kabatini. Mama aliongeza achari kwenye kila tonge.

Mizani ilieleza yaliyobaki. Kopo la bati lilipungua gramu 38 siku ya tatu, zaidi ya kabla hatujaanza. Chumvi ya mezani haina mkono wa kuizuia, kila mtu anamwaga kwenye chakula chake bila kujua kiasi.

Kosa lilikuwa langu. Ulimi uliozoea chumvi unahitaji wiki kadhaa ili uisikie kwa kiasi kidogo, na haulazimishwi kwa siku moja. Tumeanza upya leo kwa gramu 30.

1 Juni: kikombe cha kahawa

Hii ndiyo njia iliyofanya kazi. Kila asubuhi, baada ya kupima kopo, napima chumvi ya siku nzima na kuitia kwenye kikombe kidogo cha kahawa, kile kisicho na mkono. Kinakaa kando ya jiko. Anayepika chai ya jioni, mchuzi, wali au maharagwe, anachota humo tu. Kikiisha, kimeisha. Kopo la bati linarudi kabatini juu. Wifi mwenyewe aliona faida ambayo sikuifikiria: akiangalia kikombe saa sita mchana anajua Mama ametia au hajatia. Wali haujatiwa mara mbili tena.

Siku kumi za gramu 30 zimepita bila malalamiko. Leo tumeshuka 25. Vidonge vya supu vimeondoka. Badala yake wifi anakaanga vitunguu hadi viwe rangi ya kahawia, anatia thomu nyingi, bizari nzima aliyoitwanga mwenyewe, na ndimu mwishoni kabisa. Ukali wa ndimu au ukwaju hufanya ulimi usiulizie chumvi. Pia chumvi tunaitia chakula kikikaribia kuiva, si mwanzo, kwa sababu inayobaki juu husikika zaidi na hivyo kidogo kinatosha.

Ng'onda: mara moja kwa wiki, inakatwa vipande vidogo ili maji yaingie ndani, inaloweshwa usiku, maji yanabadilishwa mara tatu na yote yanamwagwa, na mchuzi wake hautiwi chumvi kabisa. Kulowesha hakuiondoi chumvi yote, ndiyo sababu ya mara moja.

Jirani amemwambia Mama atumie chumvi ya mawe, au ile ya rangi ya waridi, kwamba hiyo haina madhara. Ni chumvi ile ile kwa karibu uzito wote. Tena ya pakiti ina madini joto, ambayo ya mawe isiyosindikwa inaweza kukosa.

10 Juni: baada ya Idi

Idi ya kuchinja ilikuja na pilau, mishkaki, sambusa na nyumba sita za kutembelea. Kikombe cha kahawa kililala kabatini siku tatu na sikutaka kumharibia Mama Idi yake. Jana asubuhi alipima mwenyewe: 162. Akatetemeka, akapima tena mara tano, na hofu ikaisukuma hadi 170.

Nilimwomba afunge mashine. Hana dalili yoyote kati ya zile za kadi, na namba ya asubuhi moja baada ya siku tatu za karamu si mwenendo. Tumerudi kwenye kikombe. Leo asubuhi: 149. Sheria mpya ya nyumba ni kutopima kati ya wiki za kupima, ila kwa dalili.

13 Juni

Tumeshuka gramu 20, yaani 4 kwa kila mtu, tukiacha nafasi ya mkate na kipande cha achari. Kaka hakugundua. Nilimwambia jioni, akakataa kuamini hadi nilipomwonyesha daftari la mizani.

21 Julai: wiki ya pili ya vipimo

Tulipima 14 hadi 20 Julai, kiti kile kile, mkanda ule ule mkubwa, kidonge kile kile. Siku ya kwanza tumeitupa kama awali. Wastani wa vipimo 24: 143 kwa 86.

Imeshuka pointi 8 juu na 4 chini. Mama alifurahi, na mimi pia, lakini bado iko juu ya 135 kwa 85. Nilitamani sana chumvi ingetosha peke yake. Kwa Mama haikutosha.

24 Julai: kliniki

Daktari alisoma daftari lote, pamoja na ukurasa wa Idi. Ameongeza losatani ya miligramu 50 mara moja kwa siku, na damu itapimwa baada ya wiki mbili kuangalia figo na potasiamu. Mama aliuliza basi tulijitesa bure. Daktari akamjibu kwamba chumvi ikirudi, dawa zitafanya kazi kupita kiasi kupigana nayo, na atahitaji nyingine tena.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawaambiwi. Binamu yetu alileta kutoka Mombasa chupa ya "chumvi ya presha", tukaiona kama zawadi nzuri. Nilipoisoma kwenye lebo, sehemu kubwa ni kloridi ya potasiamu badala ya sodiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima asiyetumia dawa fulani, inaweza kusaidia. Lakini losatani huufanya mwili ubakize potasiamu, na potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo, pengine bila onyo. Vivyo hivyo kwa mwenye ugonjwa wa figo. Daktari amesema chupa hiyo isiingie jikoni kwetu. Kama mzazi wako anameza losatani, enalaprili au spironolaktoni, muulize daktari kabla ya kuinunua, na mpelekee lebo yenyewe aisome.

Gharama hadi leo: mashine 3,800, mkanda 1,200, mizani 900. Jumla shilingi 5,900, bila nauli.

8 Agosti

Majibu ya damu yametoka, figo ziko sawa na potasiamu iko ndani ya mipaka. Kopo la bati leo asubuhi lina gramu 412, jana lilikuwa na 431. Wiki ya tatu ya vipimo inaanza tarehe 25, na Mama ameshauweka mto mezani.